Oti, Mbaazi na Tui: Kuishusha Lehemu kwa Wanaotembea Asubuhi



Wapenzi wasomaji, mama zetu wengi hivi sasa wamejizoeza kutembea baada ya swala ya Alfajiri. Wapo wanaokwenda Mama Ngina kuuvuta upepo wa bahari, na wapo wanaozunguka mtaani kabla jua halijapanda. Ni desturi njema. Lakini kuna swali ambalo huzuka kila mara mmoja wao anapopima damu: "Natembea kila siku, na mwili umepungua, mbona lehemu yangu haishuki?" Safu yetu ya juma hili tumeiweka mahsusi kwa swali hilo.

Lehemu, ambayo hospitalini huitwa kolesteroli, ni mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila ya hayo. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe, wala haitoki moja kwa moja katika chakula. Karatasi ya maabara huigawa mafungu. Fungu linaloandikwa LDL ndilo linalopenya katika kuta za mishipa na kuziba njia ya damu kidogo kidogo. Hili ndilo watu huliita lehemu mbaya. Fungu la HDL husaidia kuirudisha lehemu kwenye ini. Halafu kuna mafuta mengine ya damu yaitwayo trigliseridi, ambayo hupanda kwa sukari nyingi, wanga mwingi na uzito wa mwili.

Sasa tazameni kazi ya matembezi. Kutembea kwa haraka dakika 30 au 40 kila siku hushusha trigliseridi, huipandisha HDL kidogo, huteremsha shinikizo la damu na huisaidia sukari itumike vyema mwilini. Yote haya huulinda moyo. Lakini LDL yenyewe hushuka kidogo tu kwa matembezi, na kwa wengi haitikisiki. Kwa hiyo mama anayetembea na LDL yake ikabaki juu hakutembea bure. Ila LDL ina mlango wake, na mlango huo uko jikoni.

Nyongo, ute na ini

Ini hutumia lehemu kutengeneza nyongo. Tukila, nyongo humiminwa katika utumbo ili iyayushe mafuta ya chakula. Ikishamaliza kazi, mwili hauitupi: karibu asilimia 95 yake hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurejeshwa kwenye ini, ikatumika upya. Ni kama maji ya birika yanayozunguka pasi na kumwagwa. Madhali nyongo ile ile inarudi, ini halina haja kubwa ya kuchukua lehemu mpya kutoka kwenye damu.

Hapa ndipo oti inapoingia. Anayepika uji wa oti anajua kwamba ukipoa huwa na ute unaovutika. Ute huo ni aina ya nyuzinyuzi ziyeyukazo katika maji, na wataalamu huziita beta-glukani. Ute ukifika utumboni huifunga nyongo ndani yake na kuizuia isifyonzwe tena, na sehemu yake hutoka pamoja na choo. Ini likiona nyongo imepungua hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu. Basi huongeza vipokezi vyake, mfano wa mikono, vinavyoikamata LDL katika damu na kuiingiza ndani. Vipokezi hivyo ndivyo vilivyogunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein, Wamarekani waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1985.

Kutokana na maelezo haya tunafahamu mambo mawili. Kwanza, ute ndio dawa; asiyeupenda akauchuja na kuumwaga, ameimwaga faida. Pili, kazi hii hufanyika kila siku chakula kinapopita. Kula oti mara moja kwa juma hakutoshi, kwani nyongo ya kesho haizuiwi na uji wa Jumapili iliyopita.

Tuseme neno pia juu ya majina. Madukani kwetu shayiri na oti huchanganywa, na wengine huviita vyote shayiri. Shayiri yenyewe ni ile nafaka iliyokuwa chakula cha kawaida katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), na ndiyo inayotengenezwa talbina, uji uliotajwa katika hadithi iliyopokewa kutoka kwa Bi Aisha (R.A.). Oti ni nafaka nyingine, nduguye. Zote mbili zina beta-glukani, na zote mbili zinafaa kwa jambo tunalolizungumzia. Ngano na mchele hazina ya kutosha. Mkate wa ngano nzima ni mzuri kwa choo, lakini nyuzinyuzi zake nyingi haziyeyuki, na haziigusi LDL kwa namna hii.

Kipimo kinachofanya kazi

Kipimo kilichothibitika ni gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Kwa kiasi hicho, mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaruhusu watengenezaji wa oti kuandika kwenye pakiti kwamba inasaidia kupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Gramu 3 hupatikana katika gramu 80 hivi za oti kavu, yaani karibu kikombe kimoja cha kupimia. Vijiko viwili vinavyonyunyizwa juu ya maziwa havifikii hata robo ya kipimo. Wengi wanaosema wamekula oti na hawakuona kitu, hapa ndipo walipokwama.

Kikombe kizima kwa mlo mmoja ni kingi, kwa hiyo twawashauri mkigawe mara mbili. Nusu kikombe asubuhi kiwe uji: oti, maji vikombe viwili, mdalasini na iliki, uchemke taratibu mpaka uwe mzito, kisha ndizi mbivu iliyokatwakatwa au tende mbili mahali pa sukari. Nusu kikombe cha pili kiingie katika shurba ya jioni. Shurba sisi twaijua sana wakati wa Ramadhani, lakini hakuna aliyesema ipikwe mwezi mmoja tu. Kwa watu wanne chukueni vikombe viwili vya oti, nyama isiyo na mafuta au kuku aliyetolewa ngozi, kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya, bizari nzima na pilipili manga. Nyama ikishaiva ndipo oti itiwe, ikorogwe mpaka ute uachane na punje na mchuzi ushikane. Malizieni kwa ndimu. Samli ya kukaangia haihitajiki; kijiko cha mafuta ya alizeti kinatosha kwa sufuria nzima.

Oti za pakiti ndogo zilizokwisha tiwa sukari na ladha zisiwahadae. Humo sukari ni nyingi na oti ni chache. Nunueni oti tupu, ile ambayo orodha ya viungo vyake ina neno moja tu.

Mbaazi ni dawa, kasimile ni jambo jingine

Mshirika wa pili wa oti ni jamii ya kunde: mbaazi, kunde, pojo, dengu, adesi na maharagwe. Nazo zina nyuzinyuzi ziyeyukazo, na kipimo chake ni kikombe kasorobo cha zilizopikwa, kama gramu 130, kila siku. Kiasi hiki hushusha LDL kwa wastani wa asilimia 5, na oti kwa kipimo tulichotaja hushusha karibu kiasi kicho hicho. Robo kilo ya mbaazi kavu ikiiva hutosha watu watano, na gharama yake ni ndogo kuliko nyama.

Lakini hapa pwani mbaazi haziji peke yake. Huja na tui, tena la kwanza, kasimile. Mafuta ya nazi mengi yake ni yale yagandayo, na mafuta ya namna hiyo huvipunguza vile vipokezi vya ini tulivyovisifu, LDL ikabaki inazunguka katika damu. Robo kikombe cha tui zito huwa na karibu gramu 12 za mafuta hayo. Mwanamke anayehitaji kalori 1,800 kwa siku hatakiwi kupita gramu 20, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Hivyo mama anaweza kula mbaazi kila asubuhi, mkono mmoja ukimpa na mwingine ukimnyang'anya.

Hatusemi tui liondoke katika mapishi yetu. Nyumba ya Mswahili bila nazi ni nyumba gani? Twasema tui lipimwe. Mbaazi ziroweke usiku kucha, maji ya kuroweka yamwagwe, zichemshwe mpaka ziive kabisa. Kisha chukueni upawa mmoja wa mbaazi hizo mziponde na kuzirudisha sufuriani pamoja na kitunguu na pilipili mbichi. Rojo itakuwa nzito kwa mbaazi zenyewe. Mwisho kabisa, kwa kila mlaji, tieni vijiko viwili vikubwa vya tui zito, basi. Harufu ya nazi inabaki, na mafuta yanapungua nusu. Na siku yenye mbaazi za nazi isiwe pia siku ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Chakula kimoja cha nazi kwa siku kinatosha.

Tahadhari moja ya jikoni: maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo haiondoki mpaka yachemke kwa nguvu. Yaroweke, yamwagwe maji, kisha yatokote kwa moto mkali dakika zisizopungua kumi kabla ya kupunguzwa moto. Yaliyoiva nusu husababisha kutapika na kuendesha.

Tupige hesabu ya mama mmoja

Natufanye mfano. Mama wa miaka 52 anatembea dakika 40 kila Alfajiri. Vipimo vyake ni hivi: lehemu yote 6.1, LDL 4.1, HDL 1.5 na trigliseridi 1.2. HDL yake ni nzuri na trigliseridi iko chini. Hayo ni matunda ya miguu yake. Kilichobaki juu ni LDL.

Ukiitazama siku yake, akirudi matembezini hula mahamri matatu, mbaazi za kasimile na chai ya maziwa. Mchana ni wali wa nazi na mchuzi. Jioni ni chapati. Kwa tui peke yake amekwisha kula gramu 24 za mafuta yagandayo, kabla hatujahesabu maziwa na samli ya chapati. Nyuzinyuzi za ute hupata katika mbaazi tu, nazo si za kila siku.

Abadilishe mambo matatu. Asubuhi ale uji wa oti nusu kikombe; mahamri yawe ya Ijumaa. Mchana ale wali mweupe kiasi cha ngumi yake, pamoja na mbaazi kikombe kasorobo zilizopikwa kwa tui dogo tulilolieleza, samaki na mboga. Jioni ale shurba. Oti ikimshushia asilimia 5 na mbaazi asilimia 5, LDL itatoka 4.1 ifike karibu 3.7. Kupungua kwa tui kutoka gramu 24 hadi 6 kunaweza kumshushia 0.3 nyingine, akafika 3.4 hivi. Tena angalieni: oti imechukua nafasi ya mahamri. Angeliongeza bakuli la uji juu ya mahamri yale yale, angelinenepa, na faida nyingi ingelipotea.

Jambo jingine kwa wanaofanya mazoezi ni wakati. Uji mzito ukiliwa kisha mtu akaondoka mbio, tumbo hujaa na kuuma. Ni bora kutembea kwanza kwa maji na tende moja au mbili, uji ufuate baada ya kurudi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asitoke na tumbo tupu kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Na wala musianze kwa kipimo kizima. Juma la kwanza liwe robo kikombe cha oti na vijiko vitatu vya mbaazi. Juma la pili ongezeni. La tatu mfikie kipimo. Vijidudu vya utumbo huhitaji siku kadhaa kuzoea chakula kipya, na anayeruka hatua hii hupata gesi, akaacha kabla hajaona matokeo. Nyuzinyuzi zahitaji maji pia. Bila maji ya kutosha choo huwa kigumu. Anayefunga Jumatatu na Alhamisi anywe vya kutosha baina ya futari na daku.

Utajuaje kama imefanya kazi?

Rudieni kipimo baada ya majuma 8 hadi 12. Kabla ya hapo ni mapema. Pimeni katika maabara ile ile, kwa hali ile ile: kama mara ya kwanza mlikwenda hamjala, mara ya pili nendeni vivyo hivyo. Msipime mkiwa mmetoka kuugua homa karibuni, kwani maradhi huishusha lehemu kwa muda, na mkadhani ni oti.

Tena fahamuni kuwa lehemu ya mtu mmoja hupanda na kushuka yenyewe kwa asilimia kadhaa baina ya siku na siku. LDL ikitoka 4.1 ikawa 4.0, hilo halithibitishi kitu. Ikifika 3.5, hapo chakula kimesema. Na isiposhuka kabisa, jiulizeni kwanza juu ya kipimo cha oti, kisha juu ya tui, samli, mafuta ya mgando ya kukaangia na ngozi ya kuku. Mara nyingi jibu huwa humo.

Pale chakula kisipotosha

Kuna watu ambao njia hii peke yake haiwatoshi, na ni dhulma kuwaambia wavumilie uji. Mtu ambaye LDL yake ni 4.9 au zaidi, au ambaye baba au ndugu yake wa kiume alipatwa na maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, huenda amerithi upungufu wa vile vipokezi vya ini. Wa namna hii anahitaji daktari na aghalabu dawa, na watoto wake pia wapimwe. Vivyo hivyo aliyekwisha kupatwa na mshituko wa moyo au kiharusi, na wenye kisukari wengi. Kwao oti na mbaazi huisaidia dawa, wala haziishiki nafasi yake. Asiache mtu vidonge vyake kwa sababu karatasi imeonyesha namba nzuri. Huenda namba hiyo ni kazi ya vidonge.

Mwenye maradhi ya figo asiongeze kunde wala maharagwe kabla ya kuuliza, kwani yana madini ya potasiamu ambayo figo dhaifu haziwezi kuyatoa. Na anayetumia dawa ya tezi ya shingo aimeze kwanza na maji matupu, akae saa moja, ndipo anywe uji. Nyuzinyuzi huizuia dawa hiyo isifyonzwe vyema.

Basi kwa juma hili tunawaachia kazi moja nyepesi. Chukueni kikombe cha kupimia, pimeni oti mnazokula na tui mnalotia kwa kila mlaji, na muandike pembeni mwa karatasi ya vipimo vyenu. Akija daktari kuwauliza mnakula nini, mtakuwa na jibu lenye namba. Tukijaaliwa, juma lijalo tutazungumzia chumvi na shinikizo la damu.